Sevu Imegonga Wavu, Pointi Wamepewa Wao

Seti ya mpira wa wavu ilikuwa imefika 23 kwa 23 na sevu ilikuwa ya wapinzani. Mpigaji wao akaurusha mpira juu, akauchapa, nao ukagonga wavu na kudondoka upande wake mwenyewe. Benchi letu likainuka kwa shangwe. Kumbe mwamuzi wa pili alikuwa ameshapuliza filimbi, amenyoosha kidole cha shahada na anakizungusha hewani kama mtu anayekoroga chai. Pointi ikaenda kwa hao hao waliokosa sevu. Ikawa 24 kwa 23, na sevu ikabaki kwao.

Wakati huo nilikuwa nikiwasaidia wasichana wetu mazoezi, na nilibisha kwa sauti ambayo leo naionea haya. Inakuwaje mtu apige sevu mbovu halafu apewe pointi? Baadaye, kiwanja kilipotulia, refa alinionyesha kwa kijiti mchangani alichokiona. Seta wetu, yule anayewagawia washambuliaji mpira, alikuwa ameondoka mahali pake kabla mpira haujapigwa. Alikuwa ametangulia kwa hatua moja tu, lakini kwa kanuni ya mpira wa wavu hatua hiyo inatosha.

Watu wengi wanaocheza mtaani wanajua kwamba timu "inazunguka". Wachache wanajua inazunguka kwa ajili ya nini, na wachache zaidi wanaweza kusema nani hasa anapimwa na nani. Tuanze na hilo la kwanza, maana bila hilo mengine yanaonekana kama usumbufu wa marefa.

Upande mmoja wa kiwanja ni mraba wa mita 9 kwa 9, na mita 3 kutoka mstari wa kati umechorwa mstari wa ushambuliaji. Wachezaji ni 6, watatu safu ya mbele na watatu safu ya nyuma. Nafasi zao zina namba. Ukisimama ukiutazama wavu, namba 1 ni nyuma kulia, ambako ndiko anakotoka mpigaji wa sevu. Namba 2 ni mbele kulia, 3 mbele katikati, 4 mbele kushoto, 5 nyuma kushoto na 6 nyuma katikati. Utaona kwamba namba zinahesabiwa kinyume cha mishale ya saa, ilhali wachezaji wanahama kwa kuifuata mishale ya saa. Jambo hilo huwachanganya wanaoanza, lakini lina faida yake: namba inakuambia foleni ya sevu. Aliye namba 2 ndiye atakayepiga baada ya aliye namba 1, kisha wa 3, na kuendelea hivyo hadi wa 6.

Timu huzunguka pale tu inapoinyang'anya nyingine sevu. Mkishinda mkwaju, yaani mchezo wa tangu sevu hadi mpira unapokufa, mkiwa mnapokea, kila mmoja anasogea nafasi moja na yule wa namba 2 anarudi nyuma kupiga. Mkishinda mkiwa wenyewe ndio mnaopiga, hakuna anayesogea, na mpigaji ni yule yule.

Sasa, kuzunguka kwenyewe kusingekuwa na maana kama safu ya mbele na ya nyuma zingekuwa na haki sawa. Hazina. Mchezaji wa safu ya nyuma haruhusiwi kuzuia mpira juu ya wavu, yaani bloku. Vilevile haruhusiwi kuurudisha kwa wapinzani akiwa ndani ya eneo la mita 3 ikiwa wakati anaugusa mpira wote uko juu kuliko ukingo wa juu wa wavu. Akitaka kuspaiki, yaani kuuchapa mpira kwa nguvu kwenda kwa wapinzani, aruke akiwa nyuma ya mstari ule. Akiurukia mbele ya mstari, au akaukanyaga wakati wa kuruka, ni kosa. Kwa hiyo yule mrefu wenu anayewatisha wapinzani pale wavuni atakaa mbele kwa zamu tatu, kisha zamu tatu zinazofuata atakuwa nyuma na nguvu zake zimepunguzwa. Mzunguko ndio unaozuia timu kumpigilia mtu wavuni kama msumari mechi nzima.

Hapo ndipo linapoingia suala la kushika nafasi. Kama mzunguko ungekuwa wa kwenye karatasi tu, kila mtu angesimama anakotaka. Kanuni inahitaji kukagua, angalau mara moja katika kila mkwaju, kwamba watu wako kwa mpangilio uliotangazwa na kocha kabla ya seti kuanza. Wakati wa ukaguzi huo ni pale mkono wa mpigaji unapougusa mpira wa sevu. Kabla ya hapo unaweza kutembea, kurukaruka au kufunga kamba za viatu. Baada ya hapo nenda popote upande wako. Kinachopimwa ni ile sekunde moja tu, kama vile picha imepigwa.

Nani anapimwa na nani

Kosa kubwa la kufikiri ni kudhani kwamba kiwanja kimegawanywa vyumba 6 na kila mchezaji ana chumba chake. Hakuna vyumba. Namba 1 anaweza kusimama katikati ya kiwanja, na namba 4 anaweza kuwa karibu na mstari wa nyuma. Kinachotazamwa ni wewe uko wapi ukilinganishwa na jirani zako.

Mbele na nyuma kuna jozi tatu: 2 na 1, 3 na 6, 4 na 5. Katika kila jozi, yule wa nyuma lazima awe na angalau sehemu ya mguu mmoja iliyo mbali zaidi na mstari wa kati kuliko mguu wa mbele wa mwenzake, au iliyo sambamba nao. Kisigino kinatosha. Upande kwa upande, unalinganishwa na wenzako wa safu yako tu: wa kulia awe na angalau sehemu ya mguu karibu zaidi na mstari wa kulia kuliko wa katikati, na wa kushoto hivyo hivyo kwa upande wake. Hapa pia kuwa sambamba si kosa.

Basi. Wanaokaa kimshazari hawapimani. Namba 1 hana habari na namba 3 wala namba 4. Namba 2 hana habari na namba 6 wala namba 5. Makocha wote wazuri hujenga ujanja wao juu ya pengo hilo, na mfano utaonyesha namna gani.

Tuwape majina wachezaji sita wa kubuni, kwa mpangilio wa sevu: Asha namba 1, Bahati namba 2, Chiku namba 3, Dina namba 4, Eva namba 5, Fatuma namba 6. Asha ndiye seta, ambaye kila mguso wa pili wa timu ni wake. Dina ni mshambuliaji wa upande wa kulia, anayewekwa kwenye mzunguko akitazamana na seta kimshazari, ili mmoja akiwa mbele mwingine awe nyuma. Bahati na Eva ni washambuliaji wa kushoto, ambao pia ni wapokeaji wazuri wa sevu. Chiku na Fatuma ni warefu wa katikati. Kwa kuwa Fatuma yuko nyuma, libero, yaani mchezaji maalumu wa kupokea na kulinda nyuma, ameingia badala yake. Tumwite Zena, amevaa jezi ya rangi tofauti, na amerithi namba 6 pamoja na masharti yake yote.

Timu hii sasa inapokea sevu. Inataka mambo matatu kwa pamoja. Inataka Bahati, Eva na Zena ndio wapokee, maana wao wana mikono laini. Inataka Asha afike haraka karibu na wavu, kidogo kulia kwa katikati, ili agawe mpira. Na inataka kila mshambuliaji afike upande aliouzoea. Mzunguko unawakatalia. Bahati, mtu wa kushoto, yuko kulia. Dina, mtu wa kulia, yuko kushoto. Asha, anayetakiwa wavuni, yuko nyuma kulia.

Mpangilio wa kawaida ni huu. Bahati anarudi nyuma, tuseme mita 6 kutoka mstari wa kati, upande wa kulia. Zena anakaa katikati na Eva kushoto, na hao ndio mstari wa kupokea. Chiku na Dina wanabaki mbele karibu na wavu, Dina kushoto kwa Chiku. Asha yeye anajibanza kulia kwa Bahati, karibu na mstari wa pembeni. Anapimwa na watu wawili tu: lazima awe kulia kwa Zena, hilo halimsumbui, na lazima awe nyuma ya mguu wa mbele wa Bahati, na hili ndilo linalomtesa. Bahati akiwa mita 6, kisigino cha Asha lazima kiwe mita 6 au zaidi. Kutoka hapo anatakiwa kukimbia zaidi ya mita 5 hadi wavuni kabla mpira uliopokewa haujashuka. Na akifika, Bahati bado atashambulia kutoka kulia na Dina kutoka kushoto, kila mmoja upande usio wake.

Wengi huishia hapo na kuuita mzunguko huo mzunguko wa tabu. Lakini tazama jozi tena. Bahati anapimwa na Chiku, ambaye lazima awe kushoto kwake, na Asha, ambaye lazima awe nyuma yake. Hapimwi na Zena wala Eva. Kwa hiyo mchukue Dina umsogeze mpaka mstari wa kushoto, karibu na wavu. Mlete Chiku amgusie bega kulia kwake. Sasa Bahati anaweza kusimama hatua moja tu kulia kwa Chiku, yaani bado upande wa kushoto wa kiwanja, lakini amerudi nyuma kupokea. Eva anahamia katikati: anatakiwa awe nyuma ya Dina na kushoto kwa Zena, na yote mawili yametimia. Zena anahamia kulia, akiwa nyuma ya Chiku. Asha anakaa kulia kwa Zena, mguu mmoja ukiwa hauko mbele ya mguu wa mbele wa Bahati.

Ukilitazama hilo kutoka jukwaani utasema timu imechanganyikiwa, watu watatu wa safu ya mbele wamejazana kushoto kama abiria wa daladala. Kumbe ni halali kabisa. Mpira ukipigwa, Bahati anapokea au anaacha, kisha anashambulia kutoka kushoto alikozoea. Chiku anaingia katikati. Dina ndiye anayelipa gharama, kwa kuwa inambidi akimbie kando ya wavu kwenda kulia. Na wapinzani wenye akili watamlenga Bahati sevu fupi ili asipate nafasi ya kurudi nyuma na kukimbilia mpira. Mbinu hii haiponyi kila kitu. Inahamisha tabu kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine, na kocha anachagua nani anaimudu.

Kisigino na mlio wa sevu

Sasa rudi kwa seta wetu wa siku ile. Alikuwa namba 1, kwenye mpangilio ule wa kwanza. Mpigaji anapewa sekunde 8 tangu filimbi ya mwamuzi wa kwanza, na mpigaji mwenye hila huzitumia. Seta anangoja, misuli imekaza, anajua ana safari ndefu. Mpira ukirushwa juu, macho yake yanamwambia kazi imeanza, na miguu inatii. Lakini kurusha si kupiga. Kwa sevu ya kuruka, mpira hurushwa juu sana, na kati ya kurusha na kupiga pana muda wa kutosha kwa mtu mwepesi kupiga hatua mbili. Hatua ya kwanza tu ilitosha kukitoa kisigino chake nyuma ya mguu wa namba 2 wetu na kukiweka mbele.

Mtu akiruka hapo hapo alipo ili kujiandaa, kinachohesabiwa ni mahali alipokanyaga mara ya mwisho. Kwa hiyo kurukaruka si kosa. Kosa ni kutua pasipofaa kabla ya sevu kupigwa.

Refa anaonaje jambo dogo hivyo? Kwa sehemu kubwa, anasikia. Mwamuzi wa pili husimama karibu na nguzo, upande wa timu inayopokea. Hamwangalii mpigaji. Anaitazama miguu ya jozi anayoishuku, mara nyingi ya seta na mwenzake wa mbele, huku sikio likingoja mlio wa mkono kwenye mpira. Mlio ukisikika, picha aliyonayo machoni ndiyo hukumu. Mimi nilijifunza kufanya hivyo nilipoanza kuchezesha mechi za shule, na nakiri mwanzoni nilikuwa nageuka kumtazama mpigaji kama mtazamaji, nikaacha makosa mengi yapite.

Na ile sevu iliyogonga wavu? Hapa kanuni inatenganisha makosa mawili ambayo kwa jicho la kawaida ni kitu kimoja. Kama mpigaji anakosea wakati ule ule wa kupiga, kwa mfano amekanyaga mstari wa nyuma au si zamu yake kupiga, kosa lake linatangulia, na kosa la nafasi la wapokeaji halihesabiwi. Lakini kama amepiga sawasawa, kisha mpira ndio ukaharibika njiani, ukagonga wavu bila kuvuka au ukatoka nje, basi kosa la nafasi la wapokeaji ndilo lililotangulia, kwa kuwa lilitokea pale mpira ulipoguswa. Mpigaji wa siku ile alikuwa nyuma ya mstari na zamu ilikuwa yake. Mkono wake ulipougusa mpira, seta wetu alikuwa tayari mbele. Mkwaju ulikufa hapo hapo. Mpira ulipofika wavuni ulikuwa hauna kesi tena.

Adhabu ya kosa la nafasi ni pointi na sevu kwa wapinzani, na waliokosea wanarudishwa kwenye mpangilio wao sahihi. Hakuna onyo la kwanza.

Kosa la nafasi lisichanganywe na kosa la mzunguko, ambalo ni la mtu kupiga sevu isiyo zamu yake. Hili mlinzi wake ni karani wa mezani, mwenye orodha ya zamu mbele yake. Tuseme Asha amemaliza, timu imeinyakua sevu tena, na badala ya Bahati akaenda Chiku kupiga. Karani anasimamisha mchezo, wapinzani wanapata pointi na sevu. Kosa likigundulika baada ya mkwaju huo kwisha, bado ni pointi moja tu kwa wapinzani, hata kama wao ndio walioushinda. Uchungu unakuja pale karani anapochelewa. Kama Chiku amepiga sevu nne na kuzishinda zote kabla mtu hajashtuka, na karani anaweza kuonyesha kosa lilianzia wapi, pointi zote hizo nne zinafutwa. Za wapinzani hazifutwi. Akishindwa kuonyesha lilipoanzia, hakuna kinachofutwa, adhabu ni ile pointi na sevu tu. Ndiyo maana nahodha mwerevu akiwa na shaka humuuliza refa zamu ni ya nani kabla ya filimbi, na hilo anaruhusiwa.

Kuna badiliko moja la karibuni ambalo limewapa watu wengi habari nusu. Katika kanuni za FIVB, shirikisho la kimataifa la mpira wa wavu, za 2025 hadi 2028, timu inayopiga sevu imeachiwa huru: wachezaji wake wanaweza kusimama popote uwanjani kwao mpira unapopigwa, mradi zamu ya kupiga sevu ifuatwe. Nimesikia vijana wakisema "siku hizi hakuna tena kosa la nafasi". Lipo. Limebaki kwa timu inayopokea.

Naona mantiki yake. Timu inayopiga ilikuwa ikijipanga kimzunguko kwa sekunde moja halafu inatawanyika kwenda mahali pa ulinzi, na marefa wakikagua jambo ambalo halimpi mtu faida kubwa. Aliye nyuma bado ni wa nyuma, bado hawezi kwenda bloku, hata akisimama chini ya wavu. Kwa anayepokea, hesabu ni tofauti. Mwachie huru, na seta atangoja wavuni tangu mwanzo, wapokeaji watajipanga kwa starehe, washambuliaji watakuwa pande zao. Mpigaji wa sevu atakuwa amenyang'anywa silaha yake kuu, ile ya kulenga mahali mzunguko ulipowabana wapinzani.

Ukialikwa kwenye mashindano, uliza kwanza yanachezwa kwa kanuni za mwaka gani, maana si kila anayeandaa ligi ya mtaa ana kitabu kipya mkononi. Nilishawahi kukuta marefa wawili wa mechi moja wakiwa na majibu mawili. Ila kwa kesi yetu ya 23 kwa 23 jibu ni lile lile kwa kitabu cha zamani na kipya. Sisi ndio tuliokuwa tukipokea.